Usimuulize Mshauri Ameponya Wangapi

Karibu kila mtu anayenipigia simu akitafuta mshauri nasaha huniuliza jambo moja: "Daktari, umeshawaponya wangapi?" Wengine hulizungusha. "Mbona kwenye wasifu wako hakuna ushuhuda hata mmoja?" "Yule wa mjini ameandika asilimia 98 ya wateja wake hupona, wewe ni asilimia ngapi?" Washauri vijana ninaowasimamia hapa Mombasa nao huja na swali lilelile kutoka upande wa pili: "Mwalimu, niandike nini ili watu waamini kwamba nitawaponya?"

Nimelijibu kwa upole kwa muda mrefu, na bado linaulizwa kila siku. Leo nalijibu bila kuzunguka, kwa sababu limeanza kuumiza watu. Wasifu ndiyo aya ya kwanza ambayo mtu aliyekosa usingizi kwa miezi huisoma usiku kwenye simu, akijaribu kuamua nani amweleze yaliyomkaa moyoni. Anapaswa kutoka pale akijua mshauri huyu alisomea nini, hufanya kazi vipi, na mambo gani hayagusi. Akikuta badala yake hesabu ya waliopona na visa vya wateja waliotangulia, hajapata alichohitaji kujua. Zaidi ya hapo, ameonyeshwa mapema siri yake mwenyewe itakavyotunzwa.

Tuanze na hiyo asilimia 98. Mwulize aliyeiandika: ni asilimia 98 ya kina nani? Ya waliopiga simu, ya walioanza vikao, au ya waliofika mwisho? Katika kazi yetu wengi huishia njiani. Mwaka 2012 watafiti Swift na Greenberg walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti zaidi ya 600, na wakakuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano huacha tiba ya mazungumzo kabla haijakamilika. Mmoja ameshindwa na nauli, mwingine mshauri hakumfaa, wa tatu hali imemzidi hata kutoka nyumbani hawezi. Hao hawarudi kujaza fomu ya kusema wameridhika. Anayewahesabu walioketi mbele yake siku ya kikao cha mwisho anawahesabu waliobaki kwa sababu wanafaidika, kisha anatangaza kwamba karibu wote wamefaidika.

Swali la pili: wamepona kuliko nani? Sonona hupanda na kushuka yenyewe, na mtu hupiga simu kwa mshauri pale ilipopanda kabisa. Mara nyingi kutoka hapo itashuka kidogo hata akikaa nyumbani. Uchambuzi wa Whiteford na wenzake wa mwaka 2013 ulikadiria kwamba zaidi kidogo ya nusu ya watu wazima wenye sonona wasiopata tiba huwa wametoka ndani yake baada ya mwaka mmoja. Sisemi mtu aachwe asubiri. Mwaka mzima wa sonona unaweza kuvunja ndoa, kumtoa mtu kazini, na kumuua. Ninachosema ni kwamba mshauri anayejihesabia kila aliyepata nafuu anajihesabia pia wale ambao wangepata nafuu bila yeye, na hana njia ya kujua ni wepi.

Ukitaka hesabu ya haki, ipo. Mwaka 2021 Cuijpers na wenzake walikusanya tafiti za tiba ya mazungumzo kwa sonona na kuangalia wangapi dalili zao zilipungua angalau kwa nusu baada ya takriban miezi miwili. Kwa waliopata tiba walikuwa 41 kati ya mia. Kwa waliopata huduma ya kawaida tu walikuwa 17. Kutoka 17 hadi 41 ni hatua kubwa, na ndiyo sababu nimeifanya kazi hii maisha yangu yote. Lakini 41 si 98. Na tunajua pia kwamba kati ya watu watano na kumi katika kila mia huzidi kuwa vibaya wakiwa ndani ya tiba. Mshauri mwaminifu anawajua hao, anawatafuta kwa makusudi mapema, na hubadilisha njia au huwapa rufaa. Mshauri wa asilimia 98 hawezi kuwaona, kwa sababu kwenye hesabu yake hawana nafasi.

Sasa nije kwa ushuhuda, maana hapa ndipo ubishi ulipo. Watu wenye akili timamu kabisa huniambia: "Sawa, asilimia ni uongo wa biashara. Lakini kisa cha mtu mmoja, bila kutaja jina, kina ubaya gani?"

Kina ubaya, na nitauonyesha neno kwa neno. Kisa hiki nimekitunga, lakini sura yake ni ya vile vinavyobandikwa kila wiki: "Mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi Likoni, aliyefiwa na mumewe kwenye ajali ya barabarani mwezi wa Desemba, alikuja kwangu akiwa hali wala halali. Baada ya vikao sita amepona kabisa na sasa ameolewa tena."

Jina halimo. Haya, tuhesabu kilichomo. Neno "mama" limeondoa nusu ya watu. "Mwalimu wa shule ya msingi" limeacha wachache tu katika hao. "Likoni" limewafunga kwenye eneo moja ambalo walimu wake wanajuana. "Aliyefiwa na mumewe" limebakisha pengine watu ambao ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. "Ajali", "Desemba" na "ameolewa tena" yamemaliza kazi. Amebaki mtu mmoja, na amesimama hadharani akiwa na sonona yake mkononi.

Mshauri aliyeandika hivyo atajitetea: "Lakini mtu wa Nairobi akisoma hawezi kumjua." Ni kweli, na haina maana yoyote. Mtu wa Nairobi hana haja naye. Atakayemjua ni mwalimu mkuu anayeamua nani apewe darasa la mtihani. Ni mama mkwe wa kwanza ambaye anabishana naye juu ya malezi ya wajukuu. Ni mume wa pili ambaye huenda hajaambiwa kwamba mkewe alikuwa akienda kwa mshauri. Jina limefichwa kwa wale wasioweza kumdhuru, na limeachwa wazi kwa wale wanaoweza.

Wapo wanaodhani dawa ni kubadilisha vitu: mwalimu awe nesi, Likoni iwe Kisauni, Desemba iwe Aprili. Hapo kisa kimekuwa cha uongo, na ushuhuda wa uongo hauthibitishi lolote. Juu ya hayo, Kisauni pia wapo manesi waliofiwa na waume zao, na mmoja wao sasa anaulizwa na majirani habari za mshauri ambaye hajawahi kumwona.

"Lakini mwenyewe amekubali." Hili ndilo kimbilio la mwisho, na ndilo linalonikera zaidi. Amekubali mbele ya nani? Mbele ya mtu anayejua kila kitu chake, ambaye anamhitaji, na ambaye huenda ana kikao kingine naye Alhamisi. Mtu aliyetolewa kwenye shimo hawezi kumnyima ushahidi aliyemtoa. Atasema ndiyo hata kama tumbo linamkataa. Kwa sababu hiyo kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani zinakataza kuomba ushuhuda kwa mteja aliye kwenye tiba au kwa yeyote ambaye hali yake inamfanya ashawishike kwa urahisi, na zile za Chama cha Washauri cha huko huko zinawaongeza hata wateja wa zamani. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu, ndoa yake na habari za familia yake kuwa taarifa nyeti, na inampa haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Sasa niambie, ridhaa ya tangazo lililokwisha kusambazwa kwenye makundi ya simu inaondolewaje? Mshauri atafuta picha kwake. Nakala zilizo kwa shangazi, kwa jirani na kwa wazazi wa wanafunzi zitabaki palepale.

Kuna dhara lingine ambalo wasio wa kazi hii hawalioni, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Msomaji wa kwanza wa ushuhuda ule ni mteja aliye kwenye tiba sasa hivi. Mwanamke aliyepanga kumweleza mshauri wake wiki hii kwamba alibakwa na ndugu wa karibu anafungua simu na kuona "mama mmoja wa Likoni". Anajiuliza: nami nitaandikwaje? Wiki hiyo atazungumzia kukosa usingizi na shida za kazini, na lile jambo halitatoka. Mshauri hatajua kamwe alichokipoteza. Ataandika kwenye jalada kwamba mteja anaendelea vizuri. Na yule mama wa ushuhuda, sonona ikimrudia mwaka ujao, kama inavyowarudia wengi, atarudi kwa nani? Kwa mshauri ambaye amemtangaza kuwa amepona kabisa? Wengi huona aibu, kana kwamba wamemwangusha, na hukaa nyumbani na ugonjwa.

Najua tabia hii imetoka wapi. Kwenye nguzo za umeme na kuta za vituo vya matatu kuna vibango vya waganga: kurudisha mpenzi, kufungua biashara, kuponya wasiwasi, kazi ndani ya siku tatu, piga namba hii. Mshauri kijana anaona simu za mganga zinalia na yake imenyamaza, na anaamua kuazima maneno. Namwambia hivi: ukiazima maneno yake, umemwambia msomaji kwamba ninyi wawili mnauza kitu kimoja, na yeye anauza bei nafuu. Kinachokutofautisha naye ni kwamba elimu yako inaweza kukaguliwa na mipaka yako imeandikwa. Ukivifuta hivyo viwili ukaweka ahadi, umebaki naye sokoni.

Wapo pia wanaonikumbusha kwamba kanisani watu hushuhudia na hakuna anayelalamika. Kanisani anayesimama ni mwenyewe, kwa hiari yake, akichagua aseme nini na anyamazie nini. Mteja akitaka kueleza watu kwamba alisaidiwa na ushauri nasaha, kisa ni chake, na hakuna anayeweza kumzuia. Kazi ya mshauri ni kutomwomba, kutosambaza alichosema, na hata kutomjibu hadharani akilalamika. Mtu akiandika kwamba mshauri fulani hakumsaidia, na mshauri akajibu, "Ulikuja mara mbili tu ukaacha," amekwisha kuthibitisha kwa ulimwengu mzima kwamba mtu yule alikuwa mteja wake na alikuja mara ngapi. Jibu la pekee linaloruhusiwa ni la jumla: siwezi kusema kama mtu yeyote amewahi au hajawahi kuwa mteja wangu, mwenye malalamiko anaweza kunipigia au kuyapeleka kwenye Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia.

Basi wasifu uandikweje? Nitachukua aya moja ya aina ninayoletewa na vijana, niivunje, kisha niijenge upya. Nayo nimeitunga, isimguse mtu:

"Dkt. Fulani ni mshauri nasaha wa kimataifa mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 15. Ana vyeti vingi vya ndani na nje ya nchi. Anatumia mbinu zote za kisasa. Anatibu sonona, wasiwasi, kiwewe, uraibu wa kila aina, matatizo ya ndoa, watoto na vijana. Maelfu wamepona. Usiteseke tena."

"Dkt." ya nini? Kama ni shahada ya uzamivu, taja somo na chuo. Kama ni ya heshima, haina nafasi kwenye wasifu wa kazi, na kwa mgonjwa inapotosha kabisa, maana atadhani anaweza kuandikiwa dawa. "Miaka 15" imeanzia wapi? Nikiuliza, mara nyingi nakuta ndani yake miaka ya kuongoza vijana kanisani au madrasa. Ni kazi ya heshima, lakini hesabu ya mshauri huanzia siku alipoanza kuwaona wateja chini ya usimamizi baada ya mafunzo. "Vyeti vingi" ni pazia. Semina ya siku mbili hutoa cheti, na shahada ya uzamili yenye mamia ya saa za mazoezi hutoa cheti pia. Msomaji ana haki ya kujua ni kipi. "Mbinu zote" maana yake hakuna hata moja aliyoizamia. Na hiyo orodha ya maradhi ndiyo sehemu inayoweza kuua mtu.

Chukua neno "uraibu wa kila aina". Mtu amekunywa pombe kali kila siku kwa miaka. Anasoma wasifu ule, anakuja Ijumaa, anatiwa moyo, anaamua kuacha leo leo. Jumamosi mikono inatetemeka na jasho linamtoka. Jumapili anaweza kupata degedege, na siku moja au mbili baadaye akaanza kuona vitu visivyokuwepo na kutojua yuko wapi. Hali hiyo ya mwili kuachishwa pombe ghafla inaweza kuua, na tiba yake ni dawa chini ya uangalizi wa daktari. Mazungumzo hayana uwezo nayo. Mshauri ana kazi kubwa kabla, kumwandaa mtu, na baadaye, kumsaidia asirudie. Lakini zile siku za kwanza si zake, na wasifu usiosema hivyo umempeleka mtu mahali pasipofaa. Sentensi moja ingetosha: "Kama unakunywa kila siku na unataka kuacha, anzia hospitali kwanza."

Sasa aya iliyojengwa upya:

"Mimi ni mshauri nasaha niliyesajiliwa na Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia; nambari yangu ya usajili iko mwisho wa wasifu huu. Nina shahada ya uzamili ya saikolojia ya ushauri niliyoimaliza mwaka 2016, na mazoezi yangu ya vitendo niliyafanya katika hospitali ya umma chini ya msimamizi. Mpaka leo nakutana na msimamizi wa kitaalamu mara mbili kwa mwezi kujadili kazi yangu. Yeye pia amefungwa na kiapo cha siri, na sitaji majina.

"Nawaona watu wazima wenye sonona, wasiwasi na majonzi ya msiba. Natumia hasa tiba ya fikra na tabia. Maana yake ni kwamba tutachunguza pamoja mawazo na mazoea yanayoiendeleza shida yako leo, na kati ya kikao na kikao utakuwa na jambo la kujaribu nyumbani. Kikao ni dakika 50. Kila baada ya vikao vinne tutapima pamoja kama hali inabadilika. Isipobadilika tutabadilisha njia, au nitakuelekeza kwa mwingine.

"Siandiki dawa. Siwaoni watoto walio chini ya miaka 18, na sitoi ripoti za mahakama katika kesi za talaka au malezi. Mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayeacha pombe baada ya kunywa kila siku, namwelekeza kwanza kwa daktari. Sipokei dharura: kama maisha yako yako hatarini sasa, nenda hospitali iliyo karibu nawe.

"Unayoniambia ni siri, isipokuwa pale maisha yako au ya mtu mwingine yatakapokuwa hatarini, mtoto atakapokuwa anadhuriwa, au mahakama itakapoamuru. Siwezi kuahidi kwamba utapona. Watu wengi hupata nafuu kwa tiba hii, si wote, na tutajua mapema kama inakufaa."

Angalia jinsi kila sentensi inavyoweza kukaguliwa. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 ndiyo iliyounda Bodi yenye jukumu la kusajili na kutoa leseni, kwa hiyo nambari ile ina pa kuulizwa. Chuo kina kumbukumbu za mwaka wa kuhitimu. Ahadi zilizomo ni zile ambazo mshauri anaweza kuzitimiza kwa nguvu zake mwenyewe: kukutana na msimamizi, kupima, kubadilisha njia, kutoa rufaa. Kupona kwako hakumo mikononi mwake peke yake, na hakukuahidi.

Msimamizi wa kitaalamu namtilia mkazo, kwa sababu wasomaji hudhani ni wa wanafunzi tu. Mshauri hukaa peke yake ndani ya chumba kilichofungwa na mtu mwenye maumivu. Asipokuwa na mtu wa pili wa kumuuliza, "Kwa nini umeendelea na njia hii miezi minane na hakuna kilichobadilika?" makosa yake hayana wa kuyaona. Mwenye uzoefu wa miaka 20 anamhitaji sawasawa na mwenye miwili. Wasifu ukinyamazia jambo hili, uliza.

Kupima nako si siri ya wataalamu. Kwa sonona lipo dodoso fupi la maswali tisa, PHQ-9, lenye alama kutoka 0 hadi 27, na tafsiri yake ya Kiswahili imekuwa ikitumika hapa kwetu. Mteja aliyeanza na alama 18, akafika 16 baada ya vikao vinne, hajasogea kwa maana. Tofauti ndogo namna hiyo inaweza kuwa ya siku tu. Akifika 11, kuna jambo linatendeka, ingawa kazi haijaisha. Akifika 21, kikao kijacho lazima kianze na maswali magumu: je, anafikiria kujiua, kuna lililotokea nyumbani, je, anahitaji kuonwa na daktari wa magonjwa ya akili? Na swali la tisa la dodoso lile, linalouliza juu ya mawazo ya kufa au kujidhuru, halisubiri jumla ya alama. Mteja akijibu chochote zaidi ya "hapana kabisa", mshauri hulizungumzia siku hiyohiyo. Mshauri anayefanya kazi namna hii anaweza kukwambia wewe, kwa alama zako mwenyewe, kama unasogea. Habari hiyo ina faida kwako kuliko maelfu ya waliopona ambao huwajui.

Husemwa kwamba wasifu wa namna hii unakatisha tamaa, kwamba mgonjwa anahitaji tumaini. Anahitaji, ndiyo. Lakini aliyeahidiwa kupona kabisa kwa vikao sita, akafika cha sita bado hali vizuri, huondoka akiamini kwamba kasoro ni yake, kwa kuwa wengine wote walipona. Hatatafuta mshauri wa pili wala daktari. Aliyeambiwa tangu mwanzo kwamba njia moja ikishindwa ipo nyingine, atafika kikao cha sita akiuliza, "Sasa tunabadilisha nini?" Tumaini la huyo wa pili lina miguu.

Kwa nafasi iliyobaki, mambo ya kufanya.

Unayetafuta mshauri: soma wasifu ukitafuta nambari ya usajili, kiwango na mwaka wa masomo, njia anayoitumia na maelezo yake kwa lugha unayoielewa, na angalau mambo mawili asiyoyafanya. Wasifu usio na mipaka, mruke. Wenye visa vya wateja, mruke haraka zaidi. Piga simu uulize manne: umesajiliwa wapi, nani anakusimamia, shida kama yangu unaishughulikia vipi, na tutajuaje kama haifanyi kazi? Anayejua kazi yake atajibu kwa dakika tano bila kukasirika. Anayekujibu kwa kukuhadithia mteja wake mwingine, kata simu.

Kama uwezo ni mdogo, waulize katika hospitali ya kaunti kama wana kitengo cha afya ya akili, au vyuo vinavyofundisha washauri kama wana kliniki ambapo wanafunzi huona wateja chini ya usimamizi. Mwanafunzi anayesimamiwa vizuri ni salama kuliko bingwa asiye na msimamizi, na wasifu wake unapaswa kusema wazi kwamba ni mwanafunzi. Kwa mtoto, namba ya 116 hupigwa bure, Kenya na Tanzania. Uliye Doha au Muscat unayetafuta mshauri wa kuzungumza naye Kiswahili kwa simu, uliza kabla ya kuanza: nikizidiwa usiku, nani hapa nilipo atanifikia? Mshauri aliyeko Mombasa hawezi, na anapaswa kuwa amekwisha kufikiria jibu na kuliandika.

Mshauri unayesoma haya: fungua wasifu wako leo. Ondoa kila idadi ya waliopona. Ondoa kila mteja, hata yule uliyembadilisha, hata aliyekupa ruhusa. Ondoa picha za skrini za "asante daktari". Punguza orodha ya maradhi hadi yale ambayo msimamizi wako angekubali kuyatia sahihi. Ongeza nambari ya usajili, mwaka wa kuhitimu, mipaka minne, na hali ambazo siri huvunjwa. Kila mwaka unapohuisha leseni, huisha na wasifu. Kisha mpe mtu asiyejua chochote kuhusu kazi yetu ausome, umuulize: huyu anaweza kunisaidia nini, na hawezi nini? Akishindwa kujibu nusu ya pili ya swali, andika upya.